Shikamoo au hujambo? Namna ya kuamkia watu Arusha na Moshi

Anayehamia Arusha au Moshi, awe amevuka Namanga au Holili kutoka Kenya, amelelewa ughaibuni, au ndiyo kwanza anajifunza Kiswahili, huuliza maswali yale yale. Huyu nimpe shikamoo au nimwambie hujambo? Shikamoo inaanzia umri gani? Kwa nini yule mama wa sokoni alininyamazia? Mwongozo huu unajibu maswali hayo, na ndani yake kuna ziara moja ya ukweni Marangu tunayoipitia mtu kwa mtu, kwa sababu ukweni ndiko kosa la salamu linakoonekana upesi kuliko mahali pengine popote.

Kabla ya yote, elewa kwamba salamu hizi mbili hazishindani. Ni vipande viwili vya mazungumzo yale yale. Shikamoo hupanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na hujambo hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Zikikutana, husikika hivi:

Mdogo: Shikamoo, mama.
Mkubwa: Marahaba, mwanangu. Hujambo?
Mdogo: Sijambo.
Mkubwa: Habari za nyumbani?
Mdogo: Nzuri, mama.

Ukishayaona mazungumzo hayo kwa ukamilifu wake, utaelewa kwa nini bibi wa miaka 70 hushtuka kijana anapomwambia "Hujambo?" Neno lenyewe si tusi hata kidogo. Ila kijana amechukua kipande cha bibi na kujiweka juu yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, maneno manne yaliyokaa vizuri mdomoni: shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo. Shikamoo ina o mbili mwishoni, nazo zivutwe kidogo. Marahaba si "maharaba", kosa ambalo wageni wengi hulifanya.

Pili, wingi wake. Wakubwa wakiwa zaidi ya mmoja, sema "Shikamooni." Wadogo au wenzako wakiwa zaidi ya mmoja, sema "Hamjambo?" nao watajibu "Hatujambo."

Tatu, jina la kumwitia mtu. Shikamoo isiyo na jina nyuma yake husikika kavu, kama imetupwa. Andaa baba, mama, bibi, babu, mzee, mwalimu, shangazi, mjomba. Mama mwenye watoto huitwa kwa jina la mtoto wake, mara nyingi wa kwanza, kwa hiyo ukilijua jina hilo umepata njia nzuri zaidi ya kumwita.

Nne, mkono wa kulia ulio mtupu. Kama umebeba mfuko, uhamishie kushoto kabla hujafika.

Hatua

1. Kadiria umri wa mtu kwa kumlinganisha na wazazi wako, si kwa kuhesabu miaka. Jiulize: mtu huyu angeweza kunizaa? Jibu likiwa ndiyo, mpe shikamoo, na hapo hakuna mjadala. Jibu likiwa hapana lakini angeweza kuwa kaka au dada yako mkubwa kabisa, yule wa kwanza kuzaliwa, umeingia eneo la katikati, nalo tutalirudia katika hatua ya tatu. Akiwa wa rika lako, shikamoo haihusiki. Akiwa mdogo wako, subiri yeye akuamkie.

Angalia pia wengine wanamwitaje. Kama vijana waliokuzidi umri wanamwita "mzee" au "mama fulani", hilo ni jibu tosha. Mavazi yasikudanganye. Kijenge au Njiro utamkuta mama wa miaka 55 aliyevaa suruali ya jinzi na raba, na bado anastahili shikamoo sawa na yule wa Tengeru aliyejifunga khanga.

2. Usipime kwa cheo. Wageni wanaofanya kazi ofisini hukosea hapa zaidi kuliko kwingine. Shikamoo hufuata umri, haifuati mshahara. Mlinzi wa getini mwenye mvi anapewa shikamoo na meneja wa miaka 35, na meneja akipita kimya ndiye anayeonekana hakulelewa. Kinyume chake, bosi aliye mdogo kwako humpi shikamoo hata kama anasaini likizo yako. Kwake tumia "Habari za asubuhi" au "Habari za kazi", pamoja na cheo chake kama ofisi yenu imezoea hivyo.

Ualimu una nafasi yake. Mwanafunzi humpa mwalimu shikamoo hata mwalimu akiwa kijana aliyemaliza chuo mwaka jana. Darasa zima husimama na kusema "Shikamoo mwalimu", naye hujibu "Marahaba, hamjambo?" nao "Hatujambo." Wengi wanaokuzunguka walijifunza mpangilio huu wakiwa na miaka sita au saba, na ndiyo maana ukiuvunja wanahisi mara moja hata kama hawawezi kukueleza ulichokosea.

3. Kwa eneo la katikati, anza na shikamoo, kisha fuata atakavyokuelekeza. Mtu aliyekuzidi miaka minane au kumi anaweza kuitaka au kuikataa, na familia hutofautiana. Kuna nyumba ambamo kaka mkubwa hupewa shikamoo na wadogo zake wote, na nyumba ya jirani wanaambiana "mambo". Kati ya kuzidisha heshima na kuipunguza, kuzidisha ndiko kunakosamehewa kwa urahisi. Aliyepewa shikamoo asiyoitaka atacheka na kukwambia. Aliyenyimwa shikamoo anayoistahili hatakwambia kitu, lakini atakumbuka.

4. Katika ukoo, nafasi hutangulia umri. Mdogo wa kike wa mama yako ni mama mdogo hata kama mmezaliwa mwaka mmoja, jambo la kawaida kabisa katika familia zenye watoto wengi. Shangazi ni baba wa kike. Anza kwa kuwapa shikamoo, na kama mmekua pamoja wao wenyewe watakuruhusu kulegeza. Wakwe hawalegezwi. Baba mkwe na mama mkwe hupewa shikamoo hata kama wamekuzidi miaka michache tu.

5. Mkaribie, simama, ndipo useme. Aliye mdogo ndiye anayeanza, kwa hiyo usisubiri. Lakini usiirushe shikamoo kutoka ng'ambo ya barabara, wala kutoka nyuma ya mtu, wala huku unaendelea kutembea. Fika hatua mbili tatu kutoka alipo, simama, mwangalie, kisha sema. Toa kofia na spika za masikioni, vua miwani ya jua, toa mikono mfukoni. Kama uko juu ya pikipiki, punguza mwendo na usimame. Kumpa mzee shikamoo huku injini inanguruma ni kama hukumpa.

6. Mkono mpe akikuomba. Mkubwa ndiye anayeamua kama mtapeana mkono. Akiunyoosha wake, upokee kwa wa kulia, na mkono wa kushoto uguse kigasha chako cha kulia karibu na kiwiko. Inamisha kichwa kidogo. Wasichana wengi hukunja goti kidogo, hasa vijijini. Mgeni halazimiki, lakini akifanya hupendeza. Usiminye kwa nguvu wala kutikisa, na usiwe wa kwanza kuuachia. Wazee wengi huendelea kukushika mkono mpaka habari za nyumbani ziishe.

Kama mkono wake umelowa au una udongo, atakupa kifundo cha mkono badala ya kiganja. Shika kifundo hicho kwa upole. Wageni wengi hapa hurudisha mkono nyuma kwa kudhani wamekataliwa, kumbe ndio wanaheshimiwa.

7. Ngoja marahaba, kisha jibu kinachofuata. Shikamoo haijakamilika mpaka ijibiwe. Akishasema "Marahaba", karibu kila mara atauliza "Hujambo?" na jibu ni "Sijambo", si "Hujambo", si "Jambo", wala si "Poa". Sababu ni nyepesi: hujambo maana yake huna jambo, yaani huna tatizo lililokupata, na wewe unajibu kwamba huna. Akikuuliza "Habari za nyumbani?" jibu "Nzuri" au "Salama" hata kama nyumbani kuna mgonjwa. Habari ya mgonjwa inakuja baada ya salamu kwisha, na kwa utaratibu wake.

Usishangae mzee akimjibu mtoto wa kiume "Marahaba, baba", au wa kike "Marahaba, mama." Anamwita kwa heshima ya wazazi au mababu zake. Hajamchanganya na mtu mwingine.

8. Mkikutana tena siku hiyo hiyo, badilisha. Kwa kawaida shikamoo moja kwa mtu mmoja kwa siku inatosha. Mchana mkikutana tena mwambie "Habari za tangu asubuhi?" au, ukimkuta shambani au dukani kwake, "Pole na kazi." Shikamoo yenyewe haina saa. Asubuhi, mchana na usiku ni ile ile.

Ziara ya ukweni: mtu kwa mtu

Tuseme una miaka 27 na umekwenda Marangu kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba wako. Nyumba iko ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, migomba pande zote. Barazani amekaa bibi mzee sana, anamenya ndizi. Mama yuko jikoni. Baba yuko bandani anawapa ng'ombe majani. Sebuleni kuna dada mkubwa wa mchumba, ana miaka kama 36, na binamu wa rika lako. Watoto watatu wanacheza uani.

Unapofika, sema "Hodi!" na usubiri "Karibu." Hii bado si salamu, ni kuomba njia. Usipige kelele za shikamoo kutoka getini kwa sababu hujui nani anakusikia.

Watoto watakuwahi. Watakimbia na kusema "Shikamoo!" kila mmoja kwa wakati wake, wengine mara mbili. Hapa wewe ndiye mkubwa. Jibu "Marahaba, hamjambo?" nao watajibu "Hatujambo." Wageni wengi hukosea hapa kwa aibu: wanacheka, au wanasema "Hapana, mimi bado kijana." Usiikatae shikamoo ya mtoto. Amefundishwa jana na mama yake, nawe unamfundisha leo kwamba haina jibu. Ukikutana na mtoto wa jamii ya Kimaasai, jambo la kawaida hasa upande wa Arusha, anaweza kuinamisha kichwa mbele yako bila kusema kitu. Mguse utosini kwa kiganja, taratibu. Hiyo ndiyo marahaba yake.

Sasa nenda kwa bibi kabla ya mtu mwingine yeyote, hata kama mama ametoka jikoni na yuko karibu zaidi. Mkubwa kuliko wote ndiye wa kwanza. Kwa kuwa bibi amekaa, usimsimamie kama mnara. Inama mpaka uso wako ukaribie usawa wa uso wake, useme "Shikamoo, bibi." Mikono yake ina utomvu wa ndizi, kwa hiyo atakupa kifundo. Kishike. Anaweza kukujibu kwa Kichaga. Kama hukielewi, usibuni jibu. Tabasamu, endelea kumshika, mchumba wako atakutafsiria.

Kisha mama: "Shikamoo, mama." Usimwite kwa jina lake, na siku hii ya kwanza usitumie hata jina la mtoto wake. Mama inatosha. Baba akirudi kutoka bandani, simama. Hata kama umeshaketi na umeshika kikombe cha chai, weka kikombe mezani, simama, kisha "Shikamoo, baba." Ukimwamkia ukiwa umekaa, salamu yote huharibika, hata maneno yakiwa sahihi.

Dada wa miaka 36 ndiye mtihani wenyewe. Miaka tisa ni eneo la katikati, lakini uko ukweni, na yeye ni mkubwa wa mchumba wako. Sikiliza mchumba wako anamsalimiaje. Akisema "Shikamoo, dada", nawe fuata. Akisema "Mambo, dada", wewe bado mpe shikamoo leo, kwa sababu mchumba wako ni ndugu yake na wewe ni mgeni. Dada akisema "Jamani, usinizeeshe", jibu "Haya dada, habari za siku?" na mambo yataendelea.

Binamu wa rika lako anabaki na "Habari yako?" au "Mambo vipi?" Kama mtu wa Arusha mjini, unaweza kutamani kumtolea salamu za kichalii. Zingoje. Mbele ya bibi na baba, salamu za vijiweni husikika vibaya hata zikielekezwa kwa mwenzako.

Ukiombwa kusema neno kabla ya chakula, salamu ya hadhara iko tayari: "Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu habari zenu, wadogo hamjambo." Kila kundi litajibu kwa sehemu yake. Ngoja kila jibu kabla ya kwenda kwa kundi linalofuata, usizitoe zote kwa pumzi moja.

Neno moja kuhusu dini, maana Kilimanjaro lina uzito. Nyumba ya Kilutheri inaweza kukupokea kwa "Bwana Yesu asifiwe", nawe ujibu "Amina." Nyumba ya Kikatoliki, "Tumsifu Yesu Kristo", jibu "Milele, amina." Kwa Waislamu, "Asalaam aleikum", jibu "Waaleikum salaam." Salamu hizi hutangulia, na kwa wengi haziondoi shikamoo, inayofuata baada yake.

Kwenye simu

Ukipiga, shikamoo inatangulia jina lako: "Shikamoo, baba. Ni mimi fulani." Ukiandika ujumbe, usitume "Shikamoo mama" peke yake kisha ukangoja nusu saa. Mzee ataanza kuwaza kuna msiba. Andika shikamoo na shida yako katika ujumbe mmoja. Na ukiandika, andika neno zima. "Shkm" peleka kwa wenzako.

Mambo yakienda vibaya

*Umempa shikamoo, hakujibu.* Mara nyingi hakusikia. Rudia mara moja, kwa sauti ya juu kidogo, ukiwa mbele yake. Asipojibu tena, acha. Usirudie mara ya tatu, na usimuulize kwa nini.

*Umemwambia mzee "Mambo?" kwa mazoea.* Utajua kwa uso wake, au atakuuliza "Mambo gani?" Rekebisha papo hapo: "Samahani mzee, shikamoo." Akishasema marahaba, limekwisha. Usiongeze maelezo.

*Umeanza moja kwa moja na shida yako.* Hili ndilo humfanya yule mama wa soko la Mbuyuni au Kilombero akunyamazie. Ulimuuliza "Nyanya bei gani?" kabla ya kumwamkia. Hata foleni ikiwa ndefu, "Shikamoo mama, nyanya bei gani?" inachukua sekunde moja zaidi.

*Mwenzako wa rika lako amekujibu "Marahaba" ulipomsalimia kawaida.* Anakutania, anajifanya mkubwa wako. Cheka.

*Mtu aliyekuzidi umri amekupa wewe shikamoo.* Stendi utayasikia haya sana: mpiga debe wa miaka 45 anamwambia kijana "Shikamoo bosi" ili apande basi lake. Usijibu marahaba. Mwambie "Shikamoo wewe, mzee wangu", naye atajibu marahaba kama inavyotakiwa.

*Umetoka Kenya na umesema "Habari yako, mzee?"* Kenya bara shikamoo haisikiki sana kama huku, na watu wa Arusha na Moshi wengi wanalijua hilo, kwa hiyo wakisikia lafudhi yako watakusamehe. Msamaha huo una muda wake. Ukishakaa miezi michache na kupanga chumba Sakina au Majengo, mama mwenye nyumba atakuhesabu kuwa mwenyeji, na asubuhi atakungoja umwamkie.

*Hujui kabisa ni mkubwa au ni wa rika lako, na tayari mmeshaangaliana.* Tumia "Habari za asubuhi?" au "Habari za jioni?" kulingana na saa. Haipandi wala haishuki. Kisha sikiliza atakavyokuita. Akikuita "mwanangu" au "mdogo wangu", kesho mpe shikamoo.